Shahidi Muhimu Anapolazwa Hospitalini: Cheti cha Daktari Pekee Hakitoshi Kuahirisha Shauri

Saa tatu asubuhi karani anaita namba ya shauri. Mdai yupo, mdaiwa yupo, mawakili wa pande zote wamesimama. Hakimu anauliza kama upande wa mdai uko tayari kuendelea. Wakili anajibu kwamba shahidi waliyemtegemea amelazwa hospitalini, anatoa karatasi yenye mhuri na kuomba tarehe nyingine. Tukio la namna hii ni la kawaida katika Mahakama za hapa nchini. Lisilojulikana kwa wananchi wengi ni kwamba karatasi hiyo, hata ikiwa ya kweli, inaweza isitoshe, na kwamba mdai anaweza kupoteza haki yake siku hiyo au katika tarehe ile ile aliyoiomba.

Mashauri ya madai katika Mahakama za Wilaya, Mahakama za Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu huendeshwa kwa Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33. Suala la kuahirisha shauri limewekwa katika Amri ya 17 ya Jedwali la Kwanza la Sheria hiyo. Kanuni ya 1 inaipa Mahakama uwezo wa kumwongezea mhusika muda endapo sababu ya kutosha imeonyeshwa. Kanuni hiyo pia inaeleza kwamba usikilizaji wa ushahidi ukishaanza, shauri linapaswa kuendelea siku hadi siku mpaka mashahidi wote waliofika wamalize kuhojiwa, isipokuwa Mahakama ione ulazima wa kuliahirisha na kuandika sababu za kufanya hivyo.

Maana yake ni kwamba ahirisho si haki ya mwombaji. Ni uamuzi wa Mahakama unaotokana na sababu zilizowekwa mbele yake. Ugonjwa wa shahidi unaweza kuwa sababu ya kutosha, lakini anayeomba ndiye mwenye wajibu wa kuonyesha hivyo.

Mambo matatu ambayo Mahakama hupima

Mahakama inapopokea ombi la aina hii hutafuta majibu ya maswali matatu. Kwanza, je, shahidi huyu ana jambo la kusema ambalo hakuna shahidi mwingine anayeweza kulisema? Pili, je, ni kweli hawezi kufika, na hali hiyo itadumu hadi lini? Tatu, je, mwombaji alichukua hatua gani tangu alipojua kwamba shahidi wake anaumwa?

Cheti cha daktari hujibu sehemu ya swali la pili tu. Maswali mengine mawili hujibiwa na mhusika mwenyewe, na hapo ndipo maombi mengi hukwama.

Mfano wa kubuni unaweza kulifafanua jambo hili. Mkulima mmoja wa mkoani Morogoro alimuuzia mfanyabiashara magunia 1,200 ya mpunga kwa shilingi 75,000 kila gunia, jumla shilingi 90,000,000. Mpunga ulisafirishwa kwa safari sita za lori, kila safari magunia 200. Mnunuzi alilipa shilingi 30,000,000 kisha akasimama, akidai kwamba alipokea safari mbili tu, yaani magunia 400. Mkulima alifungua shauri katika Mahakama ya Wilaya akidai shilingi 60,000,000 zilizobaki.

Mashahidi wa mdai ni wanne: yeye mwenyewe, madereva wawili, na mtu aliyekuwa mtunza ghala wa mnunuzi wakati huo, ambaye baadaye aliacha kazi. Madereva wanaweza kueleza kwamba walifikisha mizigo hadi langoni, lakini hawakukaa kuhesabu magunia. Mtunza ghala ndiye aliyehesabu, akaandika daftari na kutia saini hati za kupokelea mzigo. Bila yeye, mgogoro wa magunia 800 unabaki kuwa neno la mkulima dhidi ya neno la mnunuzi.

Shauri limepangwa kusikilizwa tarehe 18. Tarehe 12 mtunza ghala anapata ajali ya bodaboda, anavunjika mfupa wa paja na kulazwa katika hospitali ya mkoa kwa ajili ya upasuaji. Mke wake anampigia simu mkulima siku inayofuata.

Kile ambacho cheti kinapaswa kusema

Mkulima wa mfano huu ana siku tano mkononi, na hatua ya kwanza ni kupata maelezo ya daktari. Tatizo linalojitokeza mara kwa mara ni kwamba watu hufika mahakamani na karatasi zilizoandikwa kwa kusudi jingine. Wapo wanaoleta kadi ya kliniki, cheti cha dawa, stakabadhi ya malipo ya vipimo, au cheti cha mapumziko ya siku tatu kilichoandikwa kwa ajili ya mwajiri. Karatasi hizo zinaonyesha kwamba mtu alifika hospitalini. Hazionyeshi kwamba hawezi kufika mahakamani tarehe iliyopangwa.

Cheti kinachoisaidia Mahakama hutaja jina la hospitali, jina kamili la mgonjwa kama lilivyo katika orodha ya mashahidi, tarehe ya kulazwa, na iwapo bado amelazwa siku cheti kinapoandikwa. Muhimu zaidi, kinaeleza kwamba kwa hali aliyonayo hawezi kusafiri wala kukaa mahakamani kutoa ushahidi, pamoja na muda ambao daktari anakadiria hali hiyo itadumu. Mwishoni kuna jina la daktari, cheo chake, namba yake ya usajili, saini, tarehe na mhuri wa hospitali.

Kwa mtunza ghala, sentensi mbili zinatosha kubeba uzito wote: “Mgonjwa huyu alilazwa tarehe 12 akiwa na mvunjiko wa mfupa wa paja na amefanyiwa upasuaji. Hataweza kusafiri wala kukaa kwa muda mrefu kwa kipindi kisichopungua wiki tano kuanzia tarehe ya cheti hiki.” Sentensi ya pili ndiyo inayomwezesha hakimu kupanga tarehe. Cheti kisichotaja muda humwacha akikisia, na tarehe ya kukisia inaweza kumkuta shahidi bado yuko kitandani.

Si lazima cheti kitaje kila undani wa ugonjwa. Taarifa za afya ni taarifa binafsi nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na jalada la shauri husomwa na watu wengi. Pale ambapo maradhi yenyewe ni ya faragha, daktari anaweza kueleza tu kwamba mgonjwa amelazwa, hawezi kufika, na kwa muda gani. Cheti huombwa na mgonjwa mwenyewe au kwa ridhaa yake. Mhusika wa shauri hana haki ya kuchukua taarifa za matibabu za shahidi kwa sababu tu amemtaja katika orodha yake.

Hakimu na wakili wa upande wa pili hukisoma cheti kwa makini. Cheti kisicho na tarehe, chenye jina linalotofautiana na lile la orodha ya mashahidi, au kinachoonyesha kwamba mgonjwa aliruhusiwa kurudi nyumbani siku kadhaa kabla ya tarehe ya shauri, huzua maswali papo hapo. Upande wa pili unaweza kuomba hospitali ithibitishe kama cheti ni chake. Ikibainika kimeghushiwa, suala huacha kuwa la tarehe: kughushi nyaraka ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na adhabu yake ya jumla inaweza kufikia kifungo cha miaka 7.

Njia ya kuwasilisha ombi

Sheria inataka maombi yaletwe kwa hati ya maombi ya chemba inayoungwa mkono na hati ya kiapo, lakini inairuhusu Mahakama kusikiliza ombi la mdomo pale inapoona inafaa. Kwa kawaida maombi ya kuahirisha hutolewa kwa mdomo siku ya shauri, au kwa barua inayotangulia. Ombi ambalo upande wa pili haulipingi linaweza kumalizika kwa njia hiyo.

Hali hubadilika pale upande wa pili unapopinga, shauri linapokuwa limeshaahirishwa awali, au ahirisho linapovuruga ratiba yote ya shauri. Hapo ndipo hati ya kiapo inapohitajika, kwa sababu maelezo ambayo wakili hutoa akiwa amesimama mbele ya hakimu si ushahidi. Wakili akisema tu kwamba shahidi amevunjika mguu, na mwenzake akikataa, Mahakama haina kitu cha kushika zaidi ya kauli mbili.

Swali linalofuata ni nani aape. Mahakama ya Rufani imeeleza katika maamuzi yake kwamba hati ya kiapo inayomtaja mtu mwingine kama chanzo cha taarifa ni maneno ya kusikia, isipokuwa mtu huyo naye aape. Hivyo mkulima akiapa kwamba “niliambiwa na mke wa shahidi kuwa mumewe amelazwa”, ombi lake lina pengo. Njia salama ni kuwa na viapo viwili vifupi. Mkulima anaapa juu ya yale anayoyajua mwenyewe: kwamba mtunza ghala ni shahidi wake, kwamba ndiye aliyehesabu magunia na kutia saini hati, kwamba alipata habari tarehe 13, na hatua alizochukua baada ya hapo. Mke anaapa juu ya yale aliyoyaona: ajali, kulazwa, na hali ya mumewe wodini. Cheti cha daktari kinaambatishwa kwenye kiapo chake na kutajwa ndani ya kiapo hicho kwa alama ya kielelezo.

Kiapo huapwa mbele ya Kamishna wa Viapo, ambaye huandika mahali na tarehe ya kuapa. Kiapo kisicho na tarehe au mahali pa kuapa, au kisicho na sehemu ya uthibitisho ambamo mwapaji anaeleza ni aya zipi anazijua mwenyewe, kinaweza kupingwa na kuondolewa hata kama habari zilizomo ni za kweli.

Katika mfano huu, wakili wa mkulima anapata cheti tarehe 14. Tarehe 15 anawasilisha barua na viapo katika mfumo wa kielektroniki wa Mahakama na kumpelekea nakala wakili wa mdaiwa. Siku tatu hizo zina uzito. Upande wa pili ukijua mapema unaweza kuwaambia mashahidi wake wasisafiri, na Mahakama inaona kwamba mwombaji hakungoja hadi asubuhi ya shauri. Aliyepata habari tarehe 13 na kusubiri hadi tarehe 18 ndipo aseme, analidhoofisha jibu la swali la tatu kwa mikono yake mwenyewe.

Siku ya shauri: kufika na mashahidi waliopo

Kosa kubwa baada ya kuwasilisha barua ni kudhani kwamba shauri limekwisha kuahirishwa. Barua ni ombi tu. Mpaka Mahakama iamue, tarehe 18 inabaki kuwa siku ya kusikilizwa, na mdai asipofika shauri lake linaweza kufutwa kwa kutohudhuria.

Mkulima anafika na madereva wake wawili. Wakili anaomba mkulima na madereva watoe ushahidi siku hiyo, na kwamba ahirisho liwe kwa ajili ya mtunza ghala peke yake. Ombi la namna hii hukubalika kwa urahisi zaidi kuliko ombi la kuahirisha kila kitu, kwa kuwa siku ya Mahakama haipotei na hakuna anayeweza kusema kwamba mdai anatafuta mwanya wa kuchelewesha. Anaeleza pia ni kwa nini madereva hawawezi kuziba pengo: walifikisha mizigo, hawakuihesabu.

Tuseme Mahakama inakubali. Inaandika sababu katika kumbukumbu za shauri, inapanga tarehe nyingine baada ya wiki sita, inatamka kwamba hilo ni ahirisho la mwisho kwa upande wa mdai, na kumtaka alipe gharama za mdaiwa za siku hiyo. Agizo la gharama huwashangaza wengi, kwa kuwa kuugua kwa shahidi si kosa la mdai. Hata hivyo, Kanuni ya 1 inairuhusu Mahakama kuamua nani abebe gharama zilizotokana na ahirisho. Aidha, chini ya Amri ya 8, kila shauri hupangiwa muda wa kumalizika, kuanzia miezi 10 hadi miezi 24 kulingana na aina yake, na anayenufaika na mabadiliko ya ratiba ndiye kwa kawaida hubeba gharama za mabadiliko hayo, isipokuwa Mahakama ielekeze vinginevyo.

Hatari iliyomo ndani ya tarehe mpya

Wengi wakipata ahirisho huondoka wakiamini kwamba wameshinda. Kanuni ya 3 ya Amri ya 17 inaonyesha vinginevyo. Inasema kwamba pale mhusika aliyekwisha kupewa muda anaposhindwa kuleta ushahidi wake au mashahidi wake, Mahakama inaweza kuendelea kuamua shauri papo hapo licha ya kushindwa huko. Kwa maneno mengine, kukubaliwa mara ya kwanza ndiko kunakoufungua mlango wa Kanuni ya 3.

Tarehe mpya ikifika na mtunza ghala hayupo, bila maelezo mapya, Mahakama inaweza kufunga ushahidi wa mdai na kuamua kwa yale yaliyopo. Madereva hawakuhesabu, hivyo dai la magunia 800 linaweza kuanguka, na shilingi 60,000,000 pamoja nalo. Zaidi ya hapo, Mahakama Kuu iliweka msimamo mwaka 1984, ambao umeendelea kufuatwa, kwamba mhusika asipomleta shahidi muhimu bila sababu ya msingi, Mahakama inaweza kuchukulia kwamba shahidi huyo angefika angesema mambo yasiyomsaidia aliyeshindwa kumleta.

Mahakama ikikataa ahirisho, hakuna rufaa ya papo hapo, kwa sababu amri hiyo haimalizi shauri. Hoja hiyo huweza kuletwa katika rufaa dhidi ya hukumu ya mwisho, na hapo Mahakama ya juu itatazama kilichomo katika kumbukumbu. Ndiyo maana ombi, viapo na cheti vinapaswa kuwa ndani ya jalada, si kubaki mkononi mwa wakili.

Shahidi asipopona kwa wakati

Wiki ya nne baada ya ahirisho, mkulima anapaswa kuuliza tena hali ya shahidi. Ikiwa daktari anasema kidonda kimepata maambukizi na mgonjwa atakaa wodini miezi mingine miwili, kurudi mahakamani na cheti kipya na ombi lile lile ni hatua dhaifu. Sheria inatoa njia nyingine ambazo watu huzisahau.

Amri ya 26 inairuhusu Mahakama kutoa kamisheni ya kuchukua ushahidi wa mtu ambaye kwa ugonjwa au udhaifu wa mwili hawezi kufika mbele yake. Mahakama humteua mtu wa kwenda hospitalini au nyumbani kwa shahidi, pande zote hujulishwa ili zihudhurie na kuuliza maswali, na ushahidi ulioandikwa hurejeshwa mahakamani. Kasoro ya njia hii ni kwamba hakimu hamwoni shahidi akijibu, jambo lenye uzito pale ambapo mgogoro wote unategemea kama shahidi anaaminika.

Njia ya pili ni kusikilizwa kwa video, chini ya kanuni za mwaka 2021 za kuendesha mashauri kwa njia ya mtandao. Hapo hakimu humwona shahidi na wakili wa mdaiwa humhoji moja kwa moja. Inahitaji daktari aseme kwamba mgonjwa anaweza kuzungumza kwa muda unaotakiwa na kwamba akili yake haijalemewa na dawa, pawepo chumba tulivu kisicho na mtu wa kumnong’oneza majibu, na vielelezo kama hati za kupokelea mzigo viwe vimeandaliwa ili aonyeshwe.

Kwa hiyo cheti cha pili hakipaswi kuwa nakala ya kile cha kwanza. Cha kwanza kilijibu kama mtunza ghala anaweza kufika. Cha pili kinapaswa kujibu kama anaweza kuzungumza, kwa muda gani, na akiwa wapi. Mvunjiko wa paja humzuia mtu kupanda basi, lakini haumzuii kueleza alihesabu magunia mangapi. Mkulima akiligundua hilo katika wiki ya nne, akaomba kamisheni au video kabla ya tarehe iliyopangwa, Mahakama itakuwa na shahidi wa kumsikiliza siku hiyo, na Kanuni ya 3 haitakuwa na pa kushika.